Makopo ya Fahali

Machinjioni walimwita Fahali, na jina hilo hakulipata kwa kuhonga. Alikuwa na shingo nene, kifua kipana, na mikono iliyoweza kumshika dume kwa pembe na kumlaza chini huku mwenyewe akiendelea kusimulia habari za mpira. Kazi yake ilikuwa ya mbele kabisa. Ng'ombe akishaingizwa kwenye kizimba cha chuma, Fahali anamwekea kifaa cha kuzimishia katikati ya paji la uso, anafyatua, mnyama anaporomoka, mlango wa pembeni unafunguliwa, na kabla hajazinduka kisu kimeshapita kooni. Damu ilimrukia mpaka kwenye nyusi. Waliofuata nyuma yake, wachunaji, wapasuaji na waosha matumbo, walishika nyama tu. Yeye ndiye aliyeshika mnyama ambaye bado anamtazama.

Zamu ilianza watu wengine wakitandika vitanda na kuisha jua likiwa limeshachomoza, ili nyama iwahi mabuchani. Mapumziko hayakuwepo. Msimamizi, mtu mwembamba aliyezaliwa na ubahili kama wengine wanavyozaliwa na alama, alikuwa amegundua kwamba katoni ya vinywaji vya nguvu, zile enaji za makopo, ni rahisi kuliko kuajiri kikosi cha pili. Basi kabla ya ng'ombe wa kwanza watu husimama duara kwenye sakafu iliyolowa, kila mmoja na kopo lake, wanagonganisha, wanashusha kwa mkupuo mmoja, wanabeua. Hilo ndilo kopo la zamu. Mnoaji, mzee wa visu aliyekaa na jiwe lake la umeme pembeni ya mlango, hakumpa kisu mtu ambaye hajamaliza lake. "Anayesinzia atanikata mimi," alisema, na hakuna aliyembishia, maana vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vilishatangulia.

Sasa sikia upuuzi ambao watu wazima wenye ndevu waliuamini. Makende ya madume yalitupwa kwenye ndoo za buluu, na kila asubuhi gari dogo lenye jokofu lilikuja kuzichukua. Dereva hakusema anazipeleka wapi, na hakuna aliyemuuliza kwa adabu. Siku moja mchunaji mmoja akasoma maandishi madogo ubavuni mwa kopo, akakuta neno taurini, akaapa kwamba alishawahi kusikia neno hilo lina asili ya dume la ng'ombe. Watu wakatazamana. Ndoo zinatoka hapa, makopo yanarudi hapa. Nani asiyejua kujumlisha? Tangu siku hiyo ikawa elimu ya machinjioni: enaji inakamuliwa kwenye makende, na anayekunywa anakunywa ufahali wenyewe, umechujwa na kutiwa sukari.

Hakuna aliyeiamini elimu hiyo kama Fahali. Ilimwingia kwa sababu ilimsifu. Kopo moja la zamu likawa mawili, mawili yakawa manne, na katikati ya makopo akateremsha soda ya chupa kubwa, kwa sababu joto la damu na mvuke wa maji ya moto humkausha mtu koo. Kufikia asubuhi meno yake yalikuwa na utando wa sukari na moyo wake ulipiga kama mtu anayegonga mlango akidai deni. Yeye alisema hiyo ndiyo nguvu inapanda.

Nyumbani kwake palikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha mkewe, fundi cherehani anayeshona sare za shule, na cherehani yake ilikaa dirishani palipo na mwanga. Cha nyuma kilikuwa cha kulala. Fahali alirudi asubuhi watoto wakiondoka shule, akaoga, akafunga pazia zito, akajilaza. Usingizi haukuja. Aligeuka ubavu huu, akageuka ubavu ule, akahesabu mabati ya dari. Upande wa pili wa ukuta cherehani ilikuwa ikienda.

"Hilo dude lako linanikata kichwa!" alipiga kelele.

"Nimalizie mkono mmoja tu, baba watoto," mkewe alijibu. "Mteja anakuja mchana."

Siku hiyo aliinuka akiwa na bukta, akatoka, akaibeba cherehani pamoja na meza yake na kuibamiza kwenye sakafu ya saruji. Gurudumu lilivunjika, sindano ikachomoka, na nguo ya mtoto wa watu ikabaki inaning'inia kwenye chuma. Mkewe hakulia. Aliokota bobini za uzi zilizobingirika chini ya kochi, akazitia kwenye kopo, akaenda kukaa nje. Nyumba ikanyamaza kimya kabisa. Fahali akarudi kitandani, akajifunika, na akakaa macho mpaka watoto waliporudi. Kama mtu angekuwa na akili, hapo angejiuliza: kama siyo cherehani, ni nini? Yeye alijiuliza ni nani mwingine anayepiga kelele mtaani.

Alinenepa, lakini si ule unene wa zamani. Shingo ilibaki, kitambi kikaota, mikono ikaanza kuchoka mapema. Alikasirika na vijiko. Alikasirika na viatu. Na kile kitu ambacho mwanaume hukisema kwa kuzunguka kikaanza kumgeuka. Mara ya kwanza alisema ni uchovu. Mara ya pili alisema ni joto. Ya tatu alikaa ukingoni mwa kitanda, mchana mweupe, mwanga umepenya pembeni ya pazia, akijitazama kama anayemtazama mtumishi aliyegoma.

"Siyo lazima," mkewe alimwambia kwa upole, mkono wake mgongoni kwake. "Kunywa maji, ulale. Wewe hulali, mume wangu. Mtu asiyelala hawezi kitu."

Kasikia nini Fahali? Kasikia neno moja tu: hawezi.

Kuanzia hapo akaanza kutibu ugonjwa kwa ugonjwa. Akawa anabeba makopo mawili nyumbani, moja analimaliza bafuni, jingine anaficha chini ya kitanda kwa ajili ya dakika yenyewe. Fikiria mtu ametoka kuchinja usiku kucha, hajalala siku ya pili, moyo unamrukaruka, vidole vinatetemeka, jasho jembamba limemtoka juu ya mdomo, halafu anamwendea mkewe kama anayekwenda kupigana. Mwili wake ulikuwa umejiandaa kukimbia au kuua. Kwa lile jambo jingine haukuwa na habari. Kila aliposhindwa alikunywa zaidi, na kila alipokunywa alishindwa vizuri zaidi.

Siku ya siku ilianzia kazini. Zamu ilikuwa imekwisha, watu wananawa kwenye karai refu, maneno ni yale yale ya kila asubuhi. Mnoaji, akipangusa jiwe lake, akamtania mwosha matumbo aliyetangaza kwamba anataka kuoa mke wa pili.

"Wewe wa pili wa nini? Siku hizi hapa ndani majogoo hawapandi mtungi, wanawika tu."

Watu wakacheka. Ulikuwa utani wa wote, usio na mwenyewe. Lakini Fahali hakusikia utani, alisikia siri ya chumba chake ikianikwa kwenye karai. Alivuka sakafu kwa hatua kubwa, akamkamata yule mzee kwenye ukosi wa ovaroli, akamnyanyua na kumsukuma mgongo kwenye reli ya kulabu. Kulabu moja ikapita pembeni ya sikio la mzee, ikachana kofia yake.

"Nani kakwambia? Sema! Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini, wewe mwendawazimu?" mzee alifoka. "Niachie!"

Akampiga kichwa cha pua. Damu ya mzee ilikuwa nyekundu kama ya ng'ombe, na hilo lilimshangaza. Wachunaji watatu walimning'inia mikononi mpaka akamwachia. Mnoaji alikaa chini, pua kaibana kwa kitambaa. Fahali akaondoka na buti zake za mpira miguuni, hakubadilisha nguo, akatembea mtaani na damu mpaka magotini, watu wanampisha.

Mkewe alikuwa anafagia mlangoni. Alipomwona alidhani ameumia, akatupa ufagio na kumkimbilia.

"Umepatwa na nini? Hebu nione."

"Umemwambia nani?"

"Nimemwambia nani nini?"

"Umewaambia wanawake wenzako wa sindano na vifungo kwamba mimi siwezi. Mpaka machinjioni wanajua!"

"Mimi? Nimwambie mtu jambo kama hilo? Nalionea uchungu mwenyewe, niende kulitan—"

Hakumaliza. Alimpiga kofi kwa kiganja chote, kile kiganja kilichozoea kusukuma vichwa vya ng'ombe, upande wa kushoto, juu ya sikio. Mkewe alizunguka, akagonga bega kwenye fremu ya mlango, akateleza mpaka chini. Hakupiga ukelele. Aliweka mkono sikioni na kuuondoa na kuuweka tena, kama mtu anayejaribu kitasa. Ikamtisha Fahali kuliko kama angelia. Akaingia ndani, akafungua kopo.

Alipotoka, mkewe hakuwepo, wala watoto hawakurudi kutoka shule. Alikuwa amekwenda kwa kaka yake, mchomelea vyuma mwenye karakana barabara ya pili. Jioni shemeji huyo alikuja na hakuja kusuluhisha. Alimkuta Fahali uani, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, na hata salamu hakutoa. Alimpiga na bomba la chuma kwenye bega, akampiga kwenye paja, na Fahali alipoinuka akampiga teke la goti. Walishikana, wakaanguka kwenye kamba ya nguo, wakabiringika kwenye matope ya maji ya kufulia, wanatukanana matusi ambayo hayaandikiki. Majirani walisimama kwenye ukuta wanatazama. Miaka ya nyuma Fahali angemkunja shemeji yake kama shati. Siku hiyo pumzi ilikwisha mapema, akabaki amelala chali anahema, na bomba limewekwa juu ya koo lake.

"Ukija kwangu kumfuata," shemeji alisema, "nitakuchomelea mlangoni kwangu uwe bawaba."

Akaondoka. Wiki zilizofuata Fahali aliishi peke yake na makopo yake. Mnoaji aliendelea kumpa kisu, pua imepinda kidogo. Msimamizi alimwambia akirudia tena atatafuta kazi ya kuuza maua. Mtaani aliwaambia watu mkewe kaenda kumuuguza ndugu. Na moyoni alikuwa na wazo moja tu, limekaa kama mfupa: mke ameondoka kwa sababu mwanaume ameisha. Nikipona huku chini, atarudi. Hakuwaza jingine.

Ile asubuhi ya ajali, aliingizwa dume jeusi, kubwa, lenye pembe zilizofunguka. Fahali alikuwa hajalala kwa muda ambao hata yeye asingeutaja. Akaweka kifaa kwenye paji la uso. Mkono ulitetemeka. Akaubana kwa mkono mwingine, nao ulikuwa unatetemeka, akafyatua hivyo hivyo. Kifaa kiliteleza kikapiga pembeni, juu ya jicho. Dume lilipiga magoti lakini halikuzimika. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Likatoka nalo limepofuka nusu, linatoa povu, likampiga mchunaji wa kwanza kwa ubavu akaruka mpaka kwenye karai, likageuka, likaanza kuvunja kila kilichosimama. Ndoo za buluu zilimwagika. Watu walipanda juu ya reli wakaning'inia kama nguo. Fahali akalifuata na kisu, akalikaba shingo, akachoma, akakosa, akachoma tena, na dume liliporusha kichwa kisu kiligeuka na kuupasua mkono wake mwenyewe kutoka karibu na kiwiko mpaka juu ya kifundo. Aliona mfupa wake. Ulikuwa mweupe na safi kuliko alivyotegemea.

Aliyemalizia dume ni mnoaji, mzee mwenye vidole vinane, kwa kisu alichokuwa amekishika mkononi akikinoa. Kisha akauvua mkanda wake, akaufunga juu ya jeraha la Fahali, akaukaza kwa goti.

"Nyanyuka, mjinga," akasema. "Utamwaga damu yote hapa, tuisafishe sisi."

Kituo cha afya kilikuwa na tabibu mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani, asiyestaajabishwa na damu ya mtu. Alimchoma sindano ya ganzi, akaanza kushona. Kabla ya hapo alikuwa amempima presha kwa mkono mzima, akainua nyusi, akapima tena. Akamtoboa kidole akapima sukari, nyusi zikabaki juu.

"Unalala saa ngapi kwa siku, baba?"

"Silali, daktari. Nafunga macho tu."

"Na unakunywa nini?"

Fahali akamwambia, kwa fahari kidogo. Makopo ya zamu, makopo ya nyumbani, soda za kiu. Akamwambia na habari za ndoo za buluu. Tabibu aliacha sindano hewani, akamtazama, akacheka mpaka miwani ikaruka.

"Baba yangu, taurini inatengenezwa kiwandani kwa kemikali. Hakuna fahali aliyetoa kitu chake humo. Hizo ndoo zenu nadhani zinaliwa na mbwa wa watu."

Baadaye ilikuja kujulikana ni kweli, gari lile lilikuwa la kiwanda cha chakula cha mbwa. Lakini pale kitandani Fahali hakucheka. Midomo ilimtetemeka, na kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa na yule mama alikuwa mgeni kwake, akamwaga ya moyoni. Alisema jogoo wake hapandi. Alisema amerogwa, na anamjua aliyemroga. Akauliza, anywe nini zaidi?

"Usinywe zaidi," tabibu alisema, akivuta uzi. "Sikiliza. Kafeini haikuongezei nguvu hata chembe. Inaziba tu ile njia ambayo uchovu unapita kwenda kuuambia ubongo kwamba umechoka. Uchovu wenyewe uko pale pale, unakusubiri. Na haitoki mwilini upesi. Ulichokunywa alfajiri, adhuhuri karibu nusu yake bado inazunguka. Wewe unajilaza asubuhi na makopo manne kifuani, utalala vipi?"

"Kulala na lile jambo vinahusiana wapi?"

"Homoni ya kiume mwili unaitengeneza zaidi ukiwa umelala. Unapojinyima usingizi, unajinyima hiyo. Halafu, kile kiungo hakisimamishwi na ubavu. Kinasimamishwa na damu. Mishipa inatakiwa ilegee, damu ijae. Mtu mwenye moyo unaokimbia, mwenye hasira na hofu, mwili wake unadhani uko vitani, na vitani mishipa ile inajibana. Wewe unajitia vitani kwa makusudi, halafu unashangaa."

Fahali akautazama mkono wake. Uzi ulipita, ukavutwa.

"Na sukari je?"

"Sukari yako imepanda, ingawa bado hujaitwa mgonjwa wa kisukari. Ukiendelea utaitwa. Kisukari na presha vinaharibu mishipa midogo, na hiyo ya huko ni midogo kuliko ya moyo, kwa hiyo huanza kulalamika mapema. Simwagi lawama zote kwenye kopo. Kikombe cha kahawa asubuhi hakijamtoa mtu uanaume wake. Wingi, saa unazokunywa, sukari, kitambi na kutolala, vyote kwa pamoja. Niambie, ukiamka huwa inasimama yenyewe?"

"Zamani."

"Hiyo huja na usingizi wa ndoto. Usiyelala utaiona wapi? Lala kwanza. Ikirudi, tutajua mishipa bado ni mizima. Isiporudi, uje tupime na mengine. Punguza makopo taratibu, kichwa kitakuuma, utamchukia kila mtu, halafu kitapita. Mkeo atakusaidia. Yuko wapi?"

"Amesafiri," Fahali alisema.

Alikuwa amemwambia yule mama kila kitu cha mwili wake, hata kile ambacho wanaume hufa nacho. Hilo moja akalimeza.

Kwa mkono ule hakuweza kushika kisu, na msimamizi, kwa kuwa hakutaka maneno na watu wa ukaguzi wa kazi, akamhamishia zamu ya mchana kwenye banda la ngozi. Kazi ya huko ni kumwaga chumvi, kutandaza ngozi, kuikunja, kumwaga chumvi. Chumvi iliingia kwenye mshono ikamtoa machozi. Siku za mwanzo bila makopo kichwa kilimgonga kama mtu yuko ndani anataka kutoka. Alipiga teke rundo la ngozi. Alimtukana mwenzake aliyekohoa. Mara moja alimwinulia mtu koleo la chumvi, akaliona liko juu, akaliteremsha mwenyewe, akaenda nje kunawa uso. Alihama kwenye makopo manne, akaenda mawili, moja, halafu maji ya bomba tu, ambayo mwanzoni yalimkera kwa kukosa ladha.

Halafu usingizi ukaja. Ulimwangusha jioni akiwa na kiatu kimoja. Alilala kama wanavyolala waliopigwa. Akaamka alfajiri, akakuta ni kweli kumekucha, akala, akaenda kazini, akarudi, akalala tena. Kitambi kikaanza kumwachia mkanda. Tabibu akampima akasema presha inateremka. Na asubuhi moja ya kawaida, ndege wanapiga kelele juu ya bati, Fahali alifumbua macho akaona shuka limenyanyuka. Alibaki ametulia kabisa, asije akalishtua. Kisha akacheka peke yake, mtu mzima, akapiga godoro ngumi, akacheka mpaka machozi yakaingia masikioni.

Hakusubiri chai. Alinyoa, akavaa shati jeupe. Alibeba cherehani aliyoipeleka kwa fundi ikatengenezwa gurudumu, akaitia kwenye mkokoteni, akausukuma mwenyewe mpaka karakana ya shemeji. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Angemwambia yamekwisha. Angemwambia mume wako amerudi, yule wa zamani.

Shemeji alikuwa anachomelea geti. Alizima moto, akainua kinyago, akaokota nyundo. Fahali akaweka mikono yote mahali pa kuonekana.

"Sikuja kwa vita, shemeji. Nimeleta cherehani yake. Naomba niseme naye neno moja, wewe ukiwepo."

Shemeji akamtazama, akautazama mkono ulioshonwa, akaita ndani. Hakuiachia nyundo.

Mkewe akatoka na utepe wa kupimia nguo shingoni. Alikuwa amekonda. Aliitazama cherehani kabla ya kumtazama yeye, akalizungusha gurudumu kwa kidole, likazunguka vizuri, akaitikia kwa kichwa.

"Asante," akasema.

"Mama watoto, ilikuwa makopo," Fahali alianza. "Tabibu kanieleza yote. Kutolala, makopo, sukari, vilinivuruga kichwa. Nimeacha. Siyo mimi niliyekuwa vile."

"Wenzako wote machinjioni wanakunywa makopo hayo hayo," mkewe alisema. "Mnoaji anayanywa mpaka leo. Amewahi kumpiga mkewe?"

Fahali akashika mpini wa mkokoteni. Lakini habari kubwa alikuwa bado nayo, habari iliyomtoa nyumbani bila chai, na aliona ikishasemwa mambo yote yatakaa sawa. Shemeji alikuwa karibu mno. Kwa hiyo akasogea hatua moja, akainama kwenye bega la mkewe kama alivyokuwa akifanya zamani, mtu na mkewe, akamnong'oneza sikioni, upande wa kushoto. Akamwambia imerudi. Akamwambia sasa hivi yeye ni mzima, kila asubuhi, kama walipooana, na wakirudi nyumbani ataona mwenyewe.

Akajivuta nyuma, akitabasamu, akisubiri uso wake ufunguke.

Uso haukubadilika. Mkewe alikuwa anamtazama mdomo, amekunja paji la uso kidogo, kama anayemsubiri aanze. Kisha akageuka nusu, akasukuma kitambaa cha kichwani nyuma ya sikio la kulia, akamwelekezea hilo.

"Sema upande huu," akasema. "La huko lilitoa usaha siku nyingi, halisikii tena. Ulikuwa unasema nini?"